Hasara ya Mfukoni na Hasara ya Moyoni

Hasara moja hupimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza ni ya mfuko: pesa hizi zikipotea, nini kitakwama? Karo haitalipwa, nyumba haitamalizika, au hakuna kitakachobadilika ila tarakimu katika karatasi ya benki? Mizani ya pili ni ya moyo: hesabu ikionyesha kwamba thamani imeshuka, mwenye pesa ataweza kulala na kungoja, au ataamka alfajiri ampigie dalali auze kila kitu kwa bei yoyote? Wengi hutumia neno moja, uvumilivu wa hatari, kwa mambo haya mawili, na hapo ndipo makosa huanzia. Mtu anaweza kuwa na mfuko mzito na moyo mwepesi. Anaweza pia, na huyu ndiye wa kuhofiwa zaidi, kuwa na moyo wa simba na mfuko uliotoboka.

Mfano unaokumbukwa na Wakenya wengi ni wa mwaka 2008, serikali ilipouza sehemu ya hisa zake za Safaricom kwa umma kwa shilingi 5 kila hisa. Watu waliokuwa hawajawahi kununua hisa walipanga foleni, maombi yakazidi mara kadhaa hisa zilizokuwepo, na benki zikatoa mikopo ya kununulia. Hisa zilianza kuuzwa sokoni mwezi wa Juni, na siku za mwanzo bei ilipanda kupita shilingi 7. Mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi 3.

Watu wawili walionunua siku moja, kwa bei moja, hawakupata hasara moja. Aliyetumia akiba asiyoihitaji angeweza kukaa na kungoja, na aliyengoja aliona bei ikipanda polepole mpaka ikakaribia shilingi 45 mnamo Agosti 2021. Aliyekopa hakuwa na nafasi ya kungoja. Mkopo una tarehe zake na riba yake, navyo havijali bei ya leo sokoni. Huyu alilazimika kuuza kwa hasara, au kulipa kutoka kwenye mshahara deni la kitu ambacho thamani yake imekatika karibu nusu. Hata kama moyo wake ulikuwa mgumu kuliko wa jirani yake, mfuko ulishamwamulia.

Ndiyo maana mfuko hupimwa kwanza. Nao hupimwa kwa hesabu ya kawaida, ambayo yeyote anayejua kutoa na kujumlisha anaweza kuifanya kwenye karatasi moja. Ichukuliwe familia ya mfano ya Mombasa. Mke ni muuguzi mwenye ajira ya kudumu, mshahara wake baada ya makato ni shilingi 62,000 kwa mwezi. Mume ni fundi seremala, pato lake hupanda na kushuka, lakini kwa wastani huleta 25,000. Wana watoto wawili. Kwa miaka kadhaa wameweka akiba, wakaongezea mgao wa shamba la urithi lililouzwa, na sasa wana shilingi 900,000. Mfanyakazi mwenzake mke amemshauri aziweke zote kwenye hisa.

Jambo la kwanza kutoa ni akiba ya dharura. Matumizi ambayo familia haiwezi kuyaepuka, yaani kodi, chakula, nauli, umeme na maji, dawa, ni kama 55,000 kwa mwezi. Swali ni miezi mingapi itengwe, na jibu linategemea pato lenyewe zaidi kuliko desturi. Nyumba yenye mishahara miwili ya kudumu inaweza kuridhika na miezi mitatu. Nyumba inayotegemea biashara ya msimu inahitaji sita au zaidi. Hapa kuna mshahara mmoja imara na pato moja linaloyumba, basi miezi minne si mibaya: 220,000. Pesa hizi hukaa mahali zinapoweza kutolewa kwa siku moja au mbili bila kupungua, na haziingii kabisa katika mazungumzo ya hisa.

Jambo la pili ni madeni na ahadi zenye tarehe. Familia hii imebakiza 180,000 kumaliza kulipia kiwanja, na zinatakiwa katika miezi kumi. Mtoto mkubwa anaingia shule ya bweni mwezi wa Januari, na wanataka miaka miwili ya kwanza ya karo iwe imetengwa: 70,000 kila mwaka, jumla 140,000. Pesa yoyote yenye tarehe ndani ya miaka mitatu hivi haifai kuwekwa mahali ambapo bei hupanda na kushuka, hata kama faida inayotarajiwa ni kubwa. Soko likishuka mwezi wa Desemba, shule haitaahirisha kufunguliwa.

Ukitoa 220,000, 180,000 na 140,000 katika 900,000, zinabaki 360,000. Huu ndio mshangao wa kwanza ambao hesabu hii huleta karibu kila mara: fungu linaloweza kuwekwa hatarini ni dogo kuliko jumla iliyokuwa ikizungumzwa, mara nyingi chini ya nusu. Mtu anayesema ana laki tisa za kuwekeza ana laki tatu na sitini. Nyingine zina wenyewe tayari, ila bado hazijaenda kwao.

Lakini hata hizo 360,000 zina kazi: kujenga nyumba kwenye kile kiwanja miaka kumi ijayo. Kwa hiyo swali la mwisho la mfuko ni kiasi gani cha fungu hilo kinaweza kupotea bila kuharibu mpango. Ili kulijibu, lazima kwanza kujua soko linaweza kushuka kiasi gani, na hapa ni vizuri kutazama yaliyowahi kutokea badala ya kukisia. Fahirisi ya hisa 20 za Soko la Hisa la Nairobi ilipita 6,000 mwezi wa Januari 2007. Kufikia Machi 2009, baada ya ghasia za uchaguzi na mtikisiko wa fedha duniani, ilikuwa chini ya 2,500. Hiyo ni karibu asilimia 60 ya thamani. Masoko makubwa hayakusalimika pia. Hisa za makampuni makubwa ya Marekani zilipoteza zaidi ya nusu kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009.

Basi asilimia 60 ni kipimo cha haki kwa mwaka mbaya. Kwa hisa za kampuni moja peke yake kipimo kinapaswa kuwa kikali zaidi, kwa sababu hata kampuni imara huporomoka: hisa ya Safaricom iliyokaribia 45 mwaka 2021 ilikuwa chini ya 15 mwaka 2023, nayo ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote sokoni na ilikuwa bado inapata faida.

Asilimia 60 ya 360,000 ni 216,000. Tarakimu hiyo ikiachwa hivyo haisemi mengi, ila ikigeuzwa kuwa miezi ya kuweka akiba inaanza kusema. Familia hii, baada ya matumizi yote na michango ya ndugu, huweka 8,000 kwa mwezi. Kuziba pengo la 216,000 kungechukua miezi 27. Je, ujenzi unaweza kuchelewa miaka miwili na robo? Kwa kuwa wana miaka kumi mbele yao na wanaishi kwenye nyumba ya kupanga wanayoimudu, jibu ni ndiyo. Mfuko wao unaweza kubeba hasara hiyo. Wangekuwa wanajenga mwakani, jibu lingekuwa hapana, kwa pesa zilezile na mishahara ileile.

Muda una uzito huu kwa sababu ya hesabu ambayo huwapita wengi. Kilichoshuka kwa asilimia 60 hakirudi pale kilipokuwa kwa kupanda asilimia 60. Shilingi 100 zikiwa 40, lazima ziongezeke mara mbili na nusu ndipo zirudi kuwa 100, yaani kupanda kwa asilimia 150. Fahirisi ya Nairobi iliyoanguka mwaka 2009 ilipanda vizuri hadi mwaka 2015, na hata katika kilele cha mwaka huo haikufika ilikokuwa Januari 2007. Aliyepewa miaka mitatu hakuwa na nafasi. Aliyepewa miaka minane alikuwa nayo kiasi, hasa akihesabu na gawio alizokuwa akipokea.

Kuna kasoro moja ya mfuko isiyoonekana kwenye karatasi hii, nayo ni pato linaloanguka siku moja na soko. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofika Kenya, bei za hisa zilishuka na hoteli za pwani zikafungwa ndani ya majuma yaleyale. Mhudumu wa hoteli ya Diani aliyekuwa na hisa alihitaji kuziuza hasa wakati ambapo hazikuwa na bei. Muuguzi mwenye kiasi kilekile cha hisa aliendelea kulipwa. Kwa hiyo mhudumu wa hoteli ana uwezo mdogo wa kubeba hasara kuliko muuguzi, hata kama mishahara yao inalingana. Na anayenunua hisa za kampuni inayomwajiri ameweka mshahara na akiba juu ya tawi moja.

Kupima moyo ni kazi ya namna nyingine kabisa, na ukweli ni kwamba ni ngumu zaidi. Mfuko hujibu ukiulizwa. Moyo hudanganya bila kukusudia. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha makala iliyoeleza jinsi watu wanavyoamua mbele ya hatari. Moja ya hoja zao kuu ni kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Katika kazi yao ya baadaye walikadiria uzito huo kuwa zaidi kidogo ya mara mbili. Furaha ya kupata 10,000 haitoshi kufuta uchungu wa kupoteza 10,000. Hiyo ni hali ya binadamu wengi, na kuwa nayo si woga.

Jambo jingine walilolionyesha ni kwamba moyo hupima hasara kutoka pale ulipopazoea. Aliyenunua hisa ya Safaricom kwa shilingi 5 mwaka 2008, akaishikilia mpaka ikakaribia 45, kisha akaiona ikiwa chini ya 15, kwa hesabu ya mfuko bado ana zaidi ya mara mbili ya alichotoa. Moyo wake lakini unahesabu kutoka 45, na unalia kama ulioibiwa. Ni kwa sababu hiyo mtu anaweza kuuza kwa hasira kitu ambacho bado kinamfaa.

Benki na mawakala wa uwekezaji hupima moyo kwa kumpa mteja fomu ya maswali. Fomu hizo zina faida yake, lakini zina udhaifu wa aina tatu ambao mteja anapaswa kuujua kabla ya kutia sahihi. Swali huulizwa kwa asilimia, na asilimia haziumi: wengi hukubali haraka kushuka kwa asilimia 30, na wengi wao wangeshtuka kuambiwa wamepoteza pikipiki. Pia fomu hujazwa mara nyingi soko likiwa linapanda, kwa kuwa ndio wakati watu huja kununua, na wakati huo kila mtu ni jasiri. Udhaifu wa tatu ndio mbaya zaidi. Fomu nyingi huchanganya maswali ya mfuko na ya moyo, zikajumlisha alama, zikatoa jibu moja la katikati. Kijana jasiri mwenye madeni na mjane mwoga mwenye nyumba tatu za kupangisha wanaweza kupata alama sawa na kuuziwa kitu kimoja, ambacho hakimfai hata mmoja wao.

Ushahidi bora wa moyo ni mambo yaliyokwisha kutokea. Mtu ajiulize alifanya nini mara ya mwisho alipopoteza pesa, si alihisi nini, maana hisia husahaulika na matendo hubaki kwenye kumbukumbu za simu na benki. Chama kiliponunua kuku wakafa, alibaki au alijitoa? Ardhi aliyonunua ilipoingia mgogoro, aliendelea na kazi zake au aliugua? Asiyewahi kupata hasara yoyote hana ushahidi, na kwake jibu la busara ni kujihesabu mwoga kuliko anavyodhani mpaka ithibitike vingine.

Yule muuguzi ana ushahidi. Miaka michache nyuma alinunua hisa za shilingi 40,000, zikashuka hadi 28,000, akaziuza. Kwa kilichomtokea, shilingi 12,000 zilitosha kumwondoa sokoni. Hata hivyo ushahidi huo unahitaji kusomwa kwa makini. Wakati ule hakuwa na akiba ya dharura, na zile 40,000 ndizo pekee alizokuwa nazo. Huenda haukuwa moyo uliouza, ulikuwa mfuko. Sasa mfuko umejaa zaidi, na moyo unaweza kupimwa peke yake.

Njia moja inayofaa ni kushuka kwa hatua. Mke na mume wanaketi pamoja, kwa kuwa pesa ni za wote wawili na hasara italala kitanda kimoja nao, na kila mmoja anaandika jibu lake bila kuona la mwenzake. Wanaanza na hasara ambayo mfuko unaweza kubeba, 216,000, wakiiweka kwa vitu wanavyovijua: hiyo inazidi deni lote la kiwanja, ni miezi 27 ya kujinyima. Taarifa imefika leo, nusu mwaka baada ya kununua, na hakuna anayejua kama bei itashuka zaidi. Wote wawili wanaandika kwamba wangeuza. Wanashuka hadi 120,000. Mke anasema angengoja, mume angeuza. Kwa 90,000 mume bado angeuza. Kwa 60,000 wote wanaandika kwamba wangechukia, lakini wangeacha.

Kiwango cha nyumba hii ni 60,000, yaani cha yule mwenye moyo mwepesi zaidi. Haisaidii kutafuta katikati ya 60,000 na 120,000, kwa sababu siku soko likianguka ni mmoja tu anayehitaji kusema mara kumi kwa juma kwamba pesa zitolewe, nazo zitatolewa.

Sasa hesabu inageuzwa nyuma. Kama mwaka mbaya unaweza kula asilimia 60, na hasara isizidi 60,000, basi kiasi cha kuweka kwenye hisa ni 60,000 kugawanya kwa 0.6, yaani 100,000. Wakitaka hisa za kampuni moja tu na kukadiria kushuka kwa robo tatu, inakuwa 80,000. Mfuko uliruhusu 360,000, moyo umeruhusu 100,000. Kinachofuatwa ni kidogo kati ya viwili, na zile 260,000 zinazobaki huenda kwenye bondi za serikali au mfuko wa soko la fedha. Hata huko hatari haikosekani kabisa. Februari 2024 serikali ya Kenya ilitoa bondi ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, na aliyeshikilia bondi ya zamani yenye riba ya chini hakuweza kuiuza kabla ya wakati wake ila kwa kupunguza bei. Aliyengoja hadi ikomae alilipwa chote. Kwa pesa za ujenzi wa miaka kumi ijayo hilo si tatizo, mradi bondi ikomae kabla ya siku ya kujenga.

Pengo kati ya mfuko na moyo lina gharama, na ni haki kulisema. Pesa iliyolindwa mno huliwa na kupanda kwa bei. Simiti ya miaka kumi ijayo haitanunuliwa kwa bei ya leo. Lakini kuna sababu ya kukubali gharama hiyo. Anayeweka 360,000, akaogopa na kuuza katika kilindi cha mwaka mbaya, ametoka na 144,000 na hatarudi tena sokoni. Anayeweka 100,000 na kuzishikilia atakuwepo bei zikipanda. Hisa nyingi alizoziuza mtu kwa hofu hazimpi faida hata kidogo.

Moyo nao unaweza kuzoezwa kiasi, ingawa si kwa maneno. Mwaka 1995 Shlomo Benartzi na Richard Thaler walionyesha kwamba anayetazama bei mara kwa mara huona hatari kubwa zaidi, kwa kuwa soko hushuka siku nyingi karibu sawa na zile linazopanda, ilhali kwa kipindi cha miaka hushuka mara chache. Programu ya simu inayotoa mlio kila bei inapobadilika huuumiza moyo bila kuubadilisha mfuko hata kwa shilingi moja. Kutazama mara mbili kwa mwaka kunatosha kwa mtu ambaye hatarajii kuuza kesho.

Kwa anayekabiliwa na hali ya kinyume, moyo mkubwa na mfuko mdogo, hakuna zoezi. Kijana anayesafirisha abiria kwa bodaboda ya mkopo, mwenye 50,000 alizotunza kwa ajili ya matengenezo, huenda angezitazama zikishuka hadi 20,000 bila kukunja uso. Ujasiri wake hautalipa injini ikifa. Kwake hesabu inaishia kwenye ukurasa wa kwanza, kwamba baada ya dharura na deni hakuna fungu lililobaki, na swali la moyo halijafikia wakati wake.

Vipimo vyote viwili huharibika kwa muda. Mfuko upimwe upya kila tarehe kubwa inapopita au kuongezeka: kiwanja kimemalizwa, mtoto wa pili ameingia shule, mume amepata tenda ya kudumu, mama mzee amehamia nyumbani. Moyo upimwe baada ya kushuka kwa kweli kwa kwanza. Ile familia ya Mombasa ikiona 100,000 zao zimekuwa 75,000 na miezi sita imepita bila yeyote kutaja kuuza, ina ushahidi mpya wenye uzito kuliko majibu waliyoyaandika mezani, na inaweza kuongeza kidogo. Wakibishana kila Jumapili kuhusu zile 25,000, basi hata 100,000 zilikuwa nyingi, na kupunguza kunafaa kufanywe bei zikirudi juu kidogo, kwa makubaliano, badala ya usiku wa mabishano.